Usikubali fidia ya mkupuo kabla hujaitenga mafungu

Barua ya bima huwa fupi: "Tunakupa shilingi milioni nane kama fidia kamili na ya mwisho." Haisemi kiasi gani ni cha maumivu, kiasi gani ni cha kazi uliyoikosa, na kiasi gani ni cha matibabu yatakayokuja. Mimi ni wakili, na madai mengi ninayoyashughulikia Pemba ni ya ajali za barabarani. Mteja akiniletea barua kama hiyo namwambia asitie sahihi mpaka tuitenge hesabu, kwa kuwa kila fungu lina ushahidi wake na lina njia yake ya kuhesabiwa.

Nitaeleza kwa dai moja. Jina la mteja silitaji, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike. Ni fundi seremala wa upande wa Wete, umri miaka 36, aliyegongwa na gari la mchanga na mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Barua ilipofika, mama yake aliniuliza, "Mwanangu, milioni nane si nyingi hizo?" Kwa mtu ambaye hajawahi kuzishika, ni nyingi kweli. Nikamwomba anipe siku chache.

Tulianza na kipato, kwa kuwa fundi hana hati ya mshahara na bima hulijua hilo. Alikuwa na daftari la oda, kubwa, lililojaa gundi na vumbi la mbao, kila ukurasa una jina la mteja, kitu kilichoagizwa na malipo ya awali. Tulilisoma ukurasa kwa ukurasa. Kwa wastani alipokea kama shilingi 900,000 kwa mwezi, na yeye mwenyewe alitaka tudai hizo. Lakini ndani ya 900,000 kuna mbao, misumari, vanishi, umeme na ujira wa kijana wake. Kinachobaki mfukoni ni 400,000, na hicho ndicho kipato. Ukidai mapato yote, wakili wa upande wa pili atakuuliza swali moja tu la bei ya mbao, na kuanzia hapo hakimu hataliamini hata lile la kweli. Tukaongeza risiti za duka la mbao na mashahidi wawili waliowahi kumpa kazi.

Kisha tukaigawa hasara ya kipato sehemu mbili. Ya nyuma inajulikana: miezi minane hakufanya kazi kabisa, yaani 3,200,000. Baadaye akaanza kazi za kukaa, kupiga msasa na kupaka vanishi, akawa anapata 150,000, kwa hiyo hasara ikashuka hadi 250,000 kwa mwezi. Miezi sita ya hali hiyo ni 1,500,000. Jumla 4,700,000. Hii ni fidia mahsusi, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema wazi katika Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992, kwamba fidia ya namna hii lazima itajwe kwenye madai na ithibitishwe. Huwezi kuibuka nayo siku ya kutoa ushahidi.

Ya mbele ndiyo inayopotoshwa zaidi. Ripoti ya daktari ilisema ulemavu wa kudumu ni asilimia 40, na bima ikachukua asilimia 40 ya kipato chake. Asilimia hiyo inapima mwili, haipimi mfuko. Karani wa ofisini akikatwa mguu huohuo anaweza asipoteze hata shilingi ya mshahara. Seremala anayesimama kwenye meza ya randa kutwa, anayepanda ngazi kufunga dari, amepoteza zaidi ya nusu. Kwa hiyo nilirudi kwenye tofauti ile ya 250,000, ambayo kwa mwaka ni milioni tatu.

Angefanya kazi mpaka miaka 60, yaani miaka 24 zaidi. Lakini hatuzidishi kwa 24. Pesa anapewa leo kwa mkupuo, anaweza kuziweka zikazaa, na hata bila ajali angeweza kuugua au kukosa kazi. Kwa hiyo idadi ya miaka ya kuzidishia hupunguzwa. Nilidai 13, na 3,000,000 mara 13 ni milioni 39. Nilipomwonyesha fundi alinyamaza, halafu akasema, "Wakili, hebu rudia."

Fungu la matunzo linafuata njia hiyohiyo ila kwa idadi tofauti ya miaka, na hapa ndipo wengi hawaoni. Kazi huisha ukizeeka, mguu bandia hauishi. Fundi wa miaka 65 atauhitaji kuliko alivyouhitaji akiwa na 40. Kwa hiyo miaka ya kuzidishia ya matunzo huwa mirefu kuliko ya kipato; hapa niliweka 16. Tuliomba makadirio ya maandishi kutoka kwa mtengenezaji wa viungo bandia: mguu 2,400,000, na unabadilishwa kila baada ya miaka minne, kwa hiyo 600,000 kwa mwaka. Soksi za kigutu na mikanda 240,000. Kuvuka bahari kwenda Unguja mara mbili kwa mwaka kurekebishwa, pamoja na malazi na mtu wa kumsindikiza, 360,000. Jumla 1,200,000 kwa mwaka, mara 16, ni 19,200,000. Nayo niliiandika kwa tarakimu kwenye hati ya madai, ili upande wa pili usije kusema umeshtukizwa.

Mkewe aliacha kuuza maandazi ili amhudumie miezi ile minane. Huduma ya ndugu ina thamani hata kama hakuna aliyelipwa, na tuliikadiria kwa ujira wa msaidizi wa nyumbani, 120,000 kwa mwezi, jumla 960,000. Hatukudai pia faida ya maandazi, kwa sababu hapo ingekuwa kulipwa mara mbili kwa muda uleule.

Maumivu nimeyaacha mwisho kwa kuwa hayana hesabu. Hakimu huangalia kesi zilizotangulia za majeraha yanayofanana, kisha hupanda au kushuka kulingana na mtu aliye mbele yake. Kwa hiyo neno "aliumia sana" halisaidii. Tuliandika kwamba alipasuliwa mara mbili kwa sababu kigutu kilioza. Usiku huhisi vidole visivyokuwepo vikiwaka moto. Husali juu ya kiti, na mpira wa jioni ameuacha. Tulidai milioni 15.

Bima walirudi mezani, na kwa kuwa mafungu yalikuwa yametengwa, kila bishano lilikuwa na mahali pake. Walikubali daftari. Walishusha miaka ya kipato hadi 11 na ya matunzo hadi 14, na maumivu wakatoa milioni 10. Hasara ya nyuma na huduma ya mke walizilipa zote. Jumla ikawa 65,460,000, mbali na risiti za hospitali.

Kilichochukua muda ni hati ya kumaliza madai. Daktari alikuwa ameandika kwamba huenda kigutu kikahitaji kupasuliwa tena. Fidia hutolewa mara moja. Ukishatia sahihi huwezi kurudi mwakani na bili mpya. Tukadai gharama ya upasuaji huo iingizwe kwa sehemu, kulingana na uwezekano alioukadiria daktari, ndipo fundi akatia sahihi.