Riba asilimia 24, APR asilimia 50.1: barua ya mkopo inasema nini?

Swali: Shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea Ngamiani, Tanga. Nataka mkopo wa shilingi 3,000,000 kwa mwaka mmoja ninunue cherehani mbili za umeme na vitambaa. Nimepewa barua mbili. Ya kwanza inasema riba asilimia 2 kwa mwezi, yaani 24 kwa mwaka, lakini chini kwa herufi ndogo imeandikwa APR 50.1%. Ya pili inasema riba asilimia 3 kwa mwezi na APR 40.1%. APR ni nini? Nimedanganywa wapi? Nilikuwa nimeshaamua kuchukua ile ya asilimia 2.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Umefanya vema kusoma mpaka chini, na nakuomba usisaini kwanza. Kati ya barua hizo mbili, yenye riba ya asilimia 2 ndiyo ghali zaidi. Namba zote ulizotaja zinaweza kuwa za kweli kwa pamoja, kwa sababu kila moja inapima kitu chake.

Herufi zenyewe ni za Kiingereza: A ni "kwa mwaka", P ni "asilimia", R ni "kiwango". Riba iliyoandikwa juu ni bei ya fedha peke yake, tena kwa namna mkopeshaji alivyochagua kuihesabu. APR inachukua riba hiyo pamoja na ada unazolazimika kulipa ili upate mkopo, inaangalia ni fedha kiasi gani unazo mkononi kweli na kwa muda gani, kisha inatoa gharama yote kama kiwango kimoja cha mwaka. Marekani iliwalazimisha wakopeshaji kuitaja kwa sheria ya mwaka 1968, kwa sababu kila mmoja alikuwa akihesabu riba kwa njia yake na mteja hakuwa na namna ya kulinganisha.

Tuichukue barua ya kwanza. Kwa namba nyingine za barua ulizonitumia, riba ni 720,000 kwa mwaka, unarejesha 310,000 kila mwezi mara 12, ada ya maombi ni asilimia 3 na bima ya mkopo asilimia 1, zote zinakatwa siku ya kutoa mkopo.

Toka 24 mpaka 50.1 kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni kwamba riba hiyo haipungui. Kila mwezi unatozwa asilimia 2 ya 3,000,000, yaani 60,000, hata baada ya kurudisha sehemu kubwa ya deni. Tazama mwezi wa 12. Kwa hesabu ya mkopeshaji mwenyewe, kila rejesho lina 250,000 za deni na 60,000 za riba. Kwa hiyo ukiingia mwezi wa mwisho umebaki na deni la 250,000 tu, na bado unalipa riba 60,000. Hiyo ni asilimia 24 ya fedha uliyobaki nayo, kwa mwezi mmoja! Neno "asilimia 2" lilikuwa kweli mwezi wa kwanza peke yake. Ukiihesabu riba hiyohiyo kwenye salio linalopungua, bila kugusa ada yoyote, inakuwa asilimia 41.7 kwa mwaka.

Ngazi ya pili ni makato. Niliwahi kuwa afisa mikopo hapahapa Tanga, na sura moja hainitoki. Mama mmoja muuza samaki alihesabu fedha zake mezani kwangu, akazirudia tena noti kwa noti, kisha akaniuliza kwa upole kama mtunza fedha amekosea. Hakukuwa na kosa. Ada na bima zilikuwa zimekatwa kabla, zimeandikwa kwenye mkataba ambao hakuna aliyemsomea, hata mimi sikumsomea. Ndiyo maana leo kila anayeniuliza namwambia aanze na swali hili: nitaondoka na shilingi ngapi mkononi?

Kwako, ada ni 90,000 na bima ni 30,000. Utaondoka na 2,880,000, lakini utarejesha kama mtu aliyepewa 3,000,000. APR inauliza hivi: ni kiwango gani cha mwezi, kikitozwa kwenye salio lililobaki tu, kitafanya marejesho 12 ya 310,000 yamalize deni la 2,880,000 bila kubaki senti? Jibu ni takriban asilimia 4.175. Mwezi wa kwanza, asilimia 4.175 ya 2,880,000 ni kama 120,200. Toa hiyo kwenye 310,000, zinabaki 189,800 za kupunguza deni, na salio linashuka mpaka 2,690,200. Mwezi wa pili kiwango kilekile kinatoza kama 112,300, kwa sababu salio limepungua. Endelea hivyo mpaka mwezi wa 12 na deni litakwisha. Zidisha 4.175 kwa miezi 12 unapata 50.1.

Sasa barua ya pili. Asilimia 3 hiyo inatozwa kwenye salio linalopungua, ndiyo maana rejesho lake ni dogo: kama 301,400 kwa mwezi. Ada ni asilimia 2, hakuna bima, unaondoka na 2,940,000. Hapa ngazi ya kwanza haipo kabisa. Riba ya mwaka ni 36, na kilichoipandisha mpaka 40.1 ni ile ada ya 60,000 tu. Wangeifuta ada, APR ingerudi 36 kamili.

Kwa shilingi ni hivi. Barua ya kwanza inakutoa jumla 3,720,000 kwa 2,880,000 ulizopokea, yaani gharama ni 840,000. Ya pili inakutoa 3,616,800 kwa 2,940,000, gharama ni 676,800. Tofauti ni 163,200, na barua yenye riba "ndogo" ndiyo inayokula fedha hizo.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe kwa simu, kwenye Excel au Google Sheets. Andika kwenye kisanduku kimoja cha jedwali:

```
=RATE(12,-310000,2880000)*12
```

Namba ya kwanza ni idadi ya marejesho, ya pili ni rejesho moja (weka alama ya kutoa mbele yake, maana fedha inatoka kwako), ya tatu ni fedha uliyopokea mkononi. Usiweke mikato ndani ya namba, kwa sababu mkato unatenganisha sehemu za fomula. Itatoa kama 0.501, ambayo ni asilimia 50.1.

Hesabu hii pia inafichua kilichoachwa nje. Kama barua ingesema APR 48 badala ya 50.1, ningejua kwamba mkopeshaji ameihesabu ada akaiacha bima, kwa kuwa ukiweka 2910000 mahali pa 2880000 ndilo jibu linalokuja. Basi ukiona namba ya barua iko chini ya uliyopata, muulize afisa mikopo ni makato gani hayakuingizwa. Mara nyingi kinachoachwa ni bima au akiba ya lazima. Akiba ya lazima watu huichukulia kama si gharama kwa vile inarudishwa, lakini ni fedha unayoilipia riba huku huwezi kuitumia kununulia hata kitambaa.

Kuna jambo jingine la kuuliza: wamefikaje kwenye mwaka? Mimi nimezidisha kiwango cha mwezi kwa 12, kama wafanyavyo Wamarekani. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hulimbikiza, riba juu ya riba mwezi hadi mwezi, na kwa njia hiyo mkopo wako wa kwanza unasomeka kama asilimia 63. Mkopo haujabadilika hata shilingi moja. Namba za barua zako zote mbili zinakubaliana na njia ya kuzidisha, kwa hiyo unaweza kuzilinganisha. Zingekuwa zimehesabiwa kwa njia tofauti, ulinganisho ungekupotosha.

Na usiitumie APR kulinganisha mikopo ya muda tofauti. Mchuuzi wa machungwa anayekopa 100,000 kwenda Muheza na kurudisha 110,000 baada ya mwezi mmoja analipa APR ya 120, lakini gharama yake ni 10,000, na akiuza mzigo wake ndani ya wiki mbili huenda isimuumize. Hatari ni pale anaposhindwa kurudisha, akaongezewa mwezi, kisha mwezi mwingine. Hapo ndipo ile 120 inapokuwa ya kweli, na ndipo mikopo ya kausha damu inapopata jina lake. Mikopo yako yote miwili ni ya kiasi kimoja na miezi 12, kwa hiyo kwako APR ni kipimo sahihi.

Kuna gharama ambazo APR haizioni. Faini ya kuchelewesha rejesho haimo, kwa sababu hesabu inachukulia kwamba utalipa kila tarehe yake. Isome peke yake kwenye mkataba, hasa kama wateja wako wengi hulipa wakati wa sikukuu tu na miezi mingine biashara hulala.

Ya mwisho ni kulipa mapema. Tuseme baada ya Idi umepata fedha nzuri na unataka kumaliza deni mwezi wa 6. Kwenye mkopo wa pili riba ya miezi iliyobaki haitozwi, kwa kuwa salio halipo tena, isipokuwa kama mkataba una ada ya kulipa mapema. Kwenye ule wa kwanza, wakopeshaji wengi wa riba isiyopungua hudai riba yote ya mwaka hata ukimaliza katikati, na hapo utakuwa umelipa 720,000 ileile kwa fedha uliyokaa nayo nusu mwaka. Kabla ya kusaini, mwambie afisa mikopo akuandikie kwa mkono wake, kwenye jedwali la marejesho, shilingi ngapi utadaiwa ukija kumaliza deni siku ya rejesho la 6. Kwa barua ya kwanza, akikuandikia 1,860,000, ujue hakuna riba iliyopunguzwa: hiyo ni marejesho 6 ya 310,000 yaliyobaki, yote kamili.