Miche ya nyanya inaanguka kitaluni

"Wakuu, miche yangu ya nyanya ina siku 9, shina limekuwa jembamba kama uzi pale chini, inalala yenyewe. Nifanyeje?"

Habari mkuu, pole sana. Kwanza ng'oa mmoja ulioanguka leo uuangalie: shina likiwa limekatwa safi kama kwa wembe, huyo ni kiwavi anaitwa sota, fukua pembeni utamkuta kajikunja. Likiwa limelainika, lina rangi ya kahawia na limesinyaa usawa wa udongo, hicho ni kinyausi, fangasi wa udongoni wanaopenda majimaji na msongamano.

Iliyolala haiamki tena hata upige dawa, itoe pamoja na udongo wake kidogo na ukaitupe mbali. Iliyosimama punguza ile iliyobanana, toa nyasi za kufunikia hewa ipite, halafu mwagilia asubuhi tu na usirudie mpaka udongo wa juu ukauke, mana mimi msimu wa kwanza nilikua namwagilia asubuhi na jioni nikapoteza karibu tuta zima nikidhani ni jua.

Safari ijayo inua tuta kama sentimita 15, choma pumba za mpunga juu yake kabla ya kusia, au kama una muda lowesha udongo ulifunike na nailoni angavu wiki 4 hadi 6 za jua kali. Mbegu usimwage ovyo, sia kwenye mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15. Na samadi iwe imeoza kabisa, mbichi inaleta balaa hilohilo.