Kabla hujamwandikia msailiwa sifuri

Wadogo zangu mlioingia jopo la usaili wa wahasibu mwaka huu, nimekaa nanyi, nimewaona mkisahihisha. Kalamu inakimbia kuliko sikio. Jibu likitofautiana na mwongozo, sifuri, aingie mwingine. Nawapenda, ila kwa hili mnanichosha.

1. Swali la urari lifanyeni wenyewe kwa mkono kabla msailiwa wa kwanza hajaingia. Basi.

2. Jibu likiwa la kosa, uliza "Umelipataje?" kabla ya kuandika chochote.

Swali letu mnalijua: urari haulingani, debiti imezidi krediti kwa 270, tafuta kosa. Jibu la mwongozo ni punguzo lililopokelewa, 135, ambalo limeketi debiti badala ya krediti. Debiti imebeba 135 isiyo yake, krediti imekosa 135 yake, jumla 270.

Akaingia binti mmoja, karatasi inamtetemeka mkononi mpaka tunaisikia. Aliomba radhi kwa kuketi, akaomba radhi kwa kuomba kalamu. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ni umeme. Umeandikwa 410, nadhani ilikuwa 140."

Mwenzenu aliyekaa kushoto kwangu alishaichora sifuri, tena ya duara safi. Nikamuuliza binti amelipataje.

"270 inagawanyika kwa 9, mwenyekiti. Tarakimu mbili zikipishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9. Na 270 ni 90 mara 3, kwa hiyo nikatafuta namba ambayo mamia na makumi yake yanaachana kwa 3. Kwa kuwa debiti ndiyo iliyozidi, lazima iwe namba ya debiti iliyokuzwa au ya krediti iliyopunguzwa. Kwenye orodha hii nimeona umeme tu."

Jamani, someni tena hapo. Mtu anayetetemeka ameichuja orodha nzima kwa masharti matatu na kubakiwa na akaunti moja. Amekosea, ndiyo. Kugawanyika kwa 9 ni dalili tu, maana katika kila tofauti tisa utakazookota ovyo, moja hivi itagawanyika kwa 9 bila tarakimu yoyote kupishana. Lakini huyo ndiye mtu ninayemtaka mwisho wa mwezi, leja zikigoma.

Nikamuuliza, "Utajuaje kama umekosea?"

"Nitafungua ankara ya umeme. Ikisoma 410, basi si yenyewe." Akafikiri, akaongeza kitu ambacho sikumuuliza: "Na kama namba iligeuzwa tangu kwenye jarida, pande zote mbili zingebeba kosa lilelile na urari ungelingana. Kwa hiyo naangalia pale ilipohamishiwa leja."

"Chukulia ankara inasoma 410."

Kimya. Midomo ikawa inahesabu. "Nusu yake ni 135," akasema, kidole kikashuka kwenye orodha taratibu, kikasimama. "Punguzo hili... limepokelewa. Ni la krediti hili!" Akajishika kichwa. "Nilikimbilia 9 kabla ya kujaribu 2."

Mwenzenu akanitazama. Sifuri yake ilikuwa ya wino, masikini, haifutiki.

3. Swali la nyongeza waulizeni wote, hasa waliopatia. Msije mkasema binti yule nilimbeba. Kabla yake alikuwepo kijana aliyejibu "punguzo lililopokelewa" hata hajamaliza kuketi. Nikafurahi. Nikambadilishia: tofauti sasa ni 64, utaanzia wapi? Akasema, "Punguzo." Kwa nini? "Mara nyingi ndipo wanapotega." Binti nilipompa 64 hiyohiyo alisema haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo kupishana kwa tarakimu mbili anakuweka pembeni, atatafuta 32 iliyokaa upande usio wake, akikosa atatafuta 64 yenyewe, huenda haikuhamishwa kabisa kwenda leja.

4. Msimwambie msailiwa "usiogope". Anaogopa zaidi. Mpe karatasi na kalamu, umwache aandike.

5. Alama. Hapa tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwenzenu alitaka kumpa binti 10 kwa kujutia ile sifuri, na hilo nalo ni kosa. Nilimpa 7. Tatu nilizikata kwa sababu alianza kugawanya kabla ya kusoma majina ya akaunti, na jina lenyewe lilikuwa linamwambia upande. Kijana wa punguzo alipata 4: jibu lake nililihesabu, njia hakuwa nayo. Kwenye mwongozo mpya nimeacha mistari minne mitupu chini ya kila jibu, ni ya kuandika msailiwa alivyofikiri. Karatasi za jana zimerudi kwangu na mistari hiyo haina hata neno moja, kwa hiyo kesho tunazisahihisha upya, na kila mmoja aje na kumbukumbu zake.