Alama ninazomwekea msimulizi kwenye skripti

Skripti yangu ya kwanza kumpa msimulizi wa kulipwa ilihusu Bonde la Oldupai, pale Ngorongoro. Nilimtumia kurasa mbili safi, bila alama hata moja. Sauti iliporudi ilikuwa nzito na tamu, ila sentensi moja ilinivunja moyo. Niliandika kwamba meno ya fuvu la kale lililopatikana pale yalikuwa “yamehifadhika barabara”. Yeye akasoma barabara ya kupita magari.

Kosa lilikuwa langu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na msomaji yeyote hufuata mazoea hayo asipoambiwa vingine. Neno hilo likiwa na maana ya “sawasawa”, mkazo hurudi nyuma: ba-RA-ba-ra. Tangu siku hiyo naweka alama ya mkazo pale tu neno linapokwenda kinyume na mazoea. Ukiweka alama kwenye kila neno, msimulizi atazizoea na kuacha kuziona.

Majina ya kigeni ndiyo yenye mtego zaidi. Leakey, jina la ukoo la watafiti wanandoa Louis na Mary, kwa macho ya Kiswahili ni “le-a-ke-i”, kumbe ni LII-ki. Zinjanthropus, jina lililopewa fuvu hilo, hukazwa mapema: zin-JAN-thro-pus. Laetoli, eneo jingine la mabaki ya kale karibu na Oldupai, haihitaji alama, isomwe ilivyoandikwa, la-e-to-li, lakini nimewahi kumsikia mtu akiigeuza “leitoli” kwa kudhani ni ya Kiingereza, kwa hiyo naiandikia pia. Matamshi nayaweka ndani ya mabano ya mraba, mara jina linapotokea kwanza, na juu ya ukurasa wa kwanza naeleza kwamba yaliyomo kwenye mabano ni maelekezo. Oldupai ni neno la Kimaasai, jina la katani mwitu inayoota pale. Kwa neno kama hilo namwomba mzungumzaji wa lugha yenyewe anirekodie ujumbe wa sauti, nautuma pamoja na skripti. Maandishi hayatoshi kuonyesha sauti ya lugha nyingine.

Tarakimu nazo usimwachie msimulizi aamue akiwa mbele ya maikrofoni. Umri wa fuvu lile ni takriban miaka milioni 1.75. Ukiandika hivyo utasomewa “moja nukta saba tano”, na msikilizaji hashiki kitu. Andika “milioni moja na robo tatu”. Jihadhari zaidi na maelfu: “elfu hamsini na tano” mmoja atasikia 55,000, mwingine 50,005. “Hamsini na tano elfu” haina utata.

Vituo naviweka kwa mkwaju. Mmoja ni pumzi fupi, kama nusu sekunde. Miwili ni sekunde nzima, picha ipate kubadilika. Kituo hubeba maana pia. Chukua sentensi hii: “Louis hakutoka kambini kwa sababu ya homa.” Ikisomwa kwa mkupuo, mtu anaweza kuelewa kwamba alitoka, ila homa haikuwa sababu. Weka mkwaju baada ya “kambini” na utata unakwisha. Usiweke kituo kati ya jina na “la” au “ya” yake: “fuvu / la kale” inasikika kama mtu aliyeishiwa pumzi. Sentensi ikiwa ndefu kiasi hicho, ikate.

Sehemu ile, baada ya kuirekebisha, inasomeka hivi:

Julai 17, mwaka 1959 [elfu moja mia tisa hamsini na tisa]. // Louis Leakey [LUU-is LII-ki] hakutoka kambini / kwa sababu ya homa. // Mary ndiye aliyetoka, / na ndiye aliyeliona fuvu. //

Angalia “ndiye”. Mwanzoni niliandika “Mary alitoka akaliona fuvu”, nikapigia mstari Mary nikitaka sauti imwinue. Msimulizi akapaza sauti, ikasikika kama anamwita mtu. Kiswahili kina njia yake ya kutilia nguvu, nayo imo ndani ya sentensi. Kabla ya kupigia neno mstari, jaribu kwanza “ndiye” au “ndipo”, au badili mpangilio wa maneno. Kwangu mimi ukurasa mzima haustahili mistari zaidi ya miwili.

Kabla ya kutuma, soma kwa sauti huku saa ikihesabu. Kwa mwendo wa makala ya historia, mimi hupata kama maneno 110 kwa dakika, vituo vikiwemo. Na kosa likipita hadi studio, omba aya nzima irudiwe. Nililipia neno “barabara” lirekodiwe peke yake siku ya pili. Sauti yake ilikuwa imeshuka, umbali wa mdomo na maikrofoni umebadilika, na kiraka kilisikika waziwazi. Ikabidi aya yote irekodiwe upya, kwa malipo mengine.