Jina lako limetokea jekundu? Barua ya mweka hazina kuhusu fomula ya marejesho

Wanakikundi wenzangu, salamu. Tangu tuhamishe daftari la mikopo kwenye Eksel kila mwisho wa mwezi napata meseji zile zile, "mbona mimi nimeandikiwa nimechelewa na nimelipa?", sasa badala ya kumjibu kila mtu peke yake naona niwawekee fomula yenyewe hapa muione, na mweka hazina wa kikundi kingine akitaka aichukue tu.

Kila mkopaji ana mstari wake. B ni rejesho la mwezi huo, C ni tarehe ya mwisho, D ni jumla ya alicholipa kwa rejesho hilo mpaka sasa, E ni tarehe aliyomalizia. Halafu F ndio inatoa alama:

```
=IF(D2<B2,IF(TODAY()>C2+3,"KACHELEWA","BADO"),IF(NOT(ISNUMBER(E2)),"KAGUA TAREHE",IF(INT(E2)>C2+3,"ALICHELEWA","SAWA")))
```

Isiwatishe. Inaanza kuuliza hela imetimia au bado. Kama bado inaangalia leo ni tarehe ngapi, na kama zile siku 3 za nyongeza tulizokubaliana hazijapita unaandikiwa BADO, yani hudaiwi faini, ila zikipita tu ni KACHELEWA na mstari unajipaka wekundu. Hela ikishatimia fomula haihangaiki tena na leo, inaangalia siku uliyomalizia.

Tuseme rejesho lako ni 20,000 na mwisho ni tarehe 10 Juni. Tarehe 9 ukalipa 15,000. Hapo wengi mnahesabu mmelipa kwa wakati, lakini 15,000 ni ndogo kuliko 20,000 kwa hiyo fomula inakuona bado unadaiwa, na asubuhi ya tarehe 14 jina linageuka jekundu hata kama imebaki 5,000 tu. Ukimalizia tarehe 12 unasoma SAWA, maana naandika siku ya malipo ya mwisho, sio ya kwanza. Ukimalizia tarehe 16 wekundu unatoka lakini unabaki na ALICHELEWA, na hiyo haifutiki kwa sababu ndio tunayoitumia kupiga faini.

Sasa hiyo INT ndio iliyomaliza ugomvi mkubwa kuliko wote. Kuna mwenzetu alilipa kwa simu tarehe 13, siku ya mwisho kabisa ya nyongeza, na ikamwandika ALICHELEWA. Kwenye skrini kila mtu anaona 13, mwisho wa nyongeza 13, sasa kachelewa vipi? Kumbe tarehe ilinakiliwa kutoka kwenye meseji ya muamala pamoja na saa, 18:40, na Eksel inahifadhi siku kama namba nzima na saa kama desimali yake, kwa hiyo ile ilikuwa siku ya 13 na desimali 0.78 juu, ambayo kweli ni kubwa kuliko 13 kamili. Saa yenyewe huioni kwa sababu seli imepangwa ionyeshe tarehe tu, ila ukibonyeza seli ukatazama kule juu kwenye mstari wa fomula inaonekana yote. INT inakata desimali, kwa hiyo sasa ukilipa saa 5 usiku wa siku ya mwisho uko salama (ila jamani, mkisubiri mpaka usiku mtandao ukagoma msinilaumu).

KAGUA TAREHE sio kosa lako, ni kazi yangu. Inatokea tarehe ikisahaulika, au ikiandikwa kwa namna ambayo Eksel inaisoma kama maneno, mfano "13 ya 6". Bila hicho kipengele seli tupu ingehesabiwa sifuri na mtu akapita na SAWA ya bure, na ile ya maneno ingetoa kosa la #VALUE! badala ya alama, kwa sababu INT haiwezi kukata desimali kwenye maneno. Dalili ni rahisi, tarehe halisi inakaa upande wa kulia wa seli, ya maneno inakaa kushoto, isipokuwa kama kuna mtu amepanga seli mwenyewe.

Kitu fomula haiwezi kujua ni malipo ambayo hayajaingizwa. Ukilipa tarehe 12 mimi nikaandika tarehe 15, kwa siku hizo 2 za 14 na 15 asubuhi utaonekana mwekundu, halafu nikiingiza naweka tarehe ya kwenye meseji yako, sio ya siku niliyoandika, na alama inarudi SAWA yenyewe. Kwa hiyo msisambaze picha ya shiti ya katikati ya mwezi mkaanza kumcheka mtu. Faini inatoka kwenye nakala ninayoifunga siku ya kikao, pale nabandika alama kama maandishi ya kawaida ili TODAY() isije kuzibadilisha kesho yake. Mwenye meseji ya malipo na jina lake ni jekundu anitumie kabla ya kikao, meseji nzima yenye namba ya muamala, sio "nililipa jana".