Sapulaya katuma siyo tulichoomba

"Tumemwandikia sapulaya alete nyaraka za kodi zinazokosekana ndo tumlipe, katuma tena cheti cha TIN. Tuandikeje?"

Ndugu yangu, "nyaraka za kodi" kwake ni cheti cha TIN, kwa hiyo katuma alichoelewa. Taja ankara, taja karatasi yenyewe, na kasoro iko wapi. Mfano fundi wa jenereta wa hapa Mtwara, ankara 2,360,000 na VAT ndani, andika hivi:

"Habari mzee, ankara yako ya jenereta tumeipokea, cheti cha TIN tunacho usitume tena. Kinachokosekana ni risiti ya EFD, uliyoleta haina jina wala TIN yetu. Ikifika kabla ya Jumatano mchana unaingia malipo ya Ijumaa. Tutakata kodi ya zuio asilimia 5 ya 2,000,000 ambayo ni bei bila VAT, yaani 100,000, utapokea 2,260,000 na cheti cha zuio tutakupa."

Hiyo ya zuio usiiache kabisa, maana wengi wakiona hela pungufu wanadhani wamedhulumiwa na risiti nyingine hawatoi tena. Halafu mpigie simu, mafundi wengi imeili hawafungui, na picha ya risiti ya wasapu ipigwe namba zote zisomeke.