Humerasi imevunjika na kiganja hakiinuki: kwa intani anayeanza zamu za mifupa

Mgonjwa aliyevunjika humerasi huja ameubeba mkono mbaya kwa mkono mzima. Macho ya wote yanakimbilia palipovimba. Kiganja kinaning'inia chini ya kitambaa, na kwa kuwa mgonjwa ana maumivu na hasogezi chochote, hakuna anayeshtuka. Lakini katika kila watu 100 waliovunjika shina la mfupa huu, takriban 12 neva yao ya radiali imeguswa. Usipoipima kabla hujafunga hogo, wiki ijayo hakuna atakayejua kama neva iliumia barabarani au mikononi mwako.

Njia ya neva yenyewe inaeleza mengi. Inapita nyuma ya humerasi katikati ya mkono ikiwa karibu sana na mfupa, halafu takriban sentimita 10 juu ya kiwiko, upande wa nje, inatoboa ukuta mgumu unaotenganisha misuli ya nyuma na ya mbele. Hapo ukutani neva haina nafasi ya kucheza: mfupa ukihama, yenyewe inabaki imeshikwa. Ndiyo maana mvunjiko wa mzunguko wa theluthi ya chini, ule ambao Holstein na Lewis waliueleza mwaka 1963, unapaswa kukufanya uangalie kiganja mara mbili. Hata hivyo, neva iliyovutwa au kuminywa si neva iliyokatika. Mvunjiko ukiwa wa ndani, ngozi haijachanika, mara nyingi neva ni nzima kwa umbo ila imezimika. Katika kila wagonjwa 10 wa aina hii, 7 au zaidi hupona bila mtu kuigusa neva.

Sasa kupima. Mtegemeze mgonjwa mkono, mkunjo wa kiwiko ukae pembe ambayo haimuumizi, na umwambie ainue kiganja. Asipoinua, usiandike "neva ya radiali imekufa" ukaondoka. Kuna mitego mitatu ambayo kila mwaka naiona ikiwanasa watu.

Wa kwanza ni vidole. Mgonjwa aliyepoteza neva ya radiali anaweza kunyoosha vidole vyake mbele yako, na wewe ukaandika kwamba neva inafanya kazi. Anachonyoosha ni maungio ya kati na ya ncha, kazi ya misuli midogo ya kiganja inayoendeshwa na neva ya alna. Kipime hivi: shika kifundo cha mkono kikae sawa, kisijikunje, kisha mwambie anyooshe vidole kwenye maungio ya mwanzo, yale yanayochomoza mtu akikunja ngumi. Hapo neva ya radiali haina msaidizi. Ukiacha kifundo kikunjike, kano zitajivuta zenyewe na vidole vitanyooka kidogo bila msuli wowote kufanya kazi.

Wa pili ni dole gumba. Nalo lina wasaidizi kutoka neva nyingine. Mwekee mgonjwa kiganja kifudifudi juu ya meza, yaani kitanga kiguse meza, kisha aliinue dole gumba peke yake kuelekea dari. Asiyeweza hilo amepoteza msuli unaonyoosha dole gumba, hata kama dakika moja iliyopita alikuonyesha dole likisogea.

Wa tatu unakupeleka upande mwingine kabisa: unadhani neva ya alna nayo imekufa. Kiganja kikiwa kimening'inia, mgonjwa hawezi kutanua vidole vizuri wala kukaba kwa nguvu, kwa sababu kifundo hakina mhimili. Laza kiganja hichohicho mezani, mwambie atanue vidole, na utashangaa vinavyotanuka. Neva ya midiani ipime kwa kumwambia aunde duara kwa dole gumba na kidole cha shahada.

Baada ya hapo gusa ngozi ya mgongo wa kiganja, kwenye bonde kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ulinganishe na mkono mzima. Tafuta mapigo kwenye kifundo, pande zote mbili. Traisepsi usiilazimishe, mfupa umevunjika. Weka vidole vyako nyuma ya mkono na umwambie ajaribu kunyoosha kiwiko taratibu, uuhisi msuli ukikakamaa. Kwa kawaida iko salama, kwa kuwa matawi yake yameshatoka kabla neva haijafika palipovunjika. Ikiwa traisepsi imelegea na bega nalo haliinuki, tatizo liko juu, shingoni au kwapani, na hiyo ni kesi nyingine.

Kisha andika msuli kwa msuli, kwa alama 0 hadi 5, na saa uliyopima. Kwenye faili nyingi nimekuta maneno "mishipa na neva viko sawa", ukimuuliza mwandishi alipima nini, hana jibu. Muulize mgonjwa pia kama alipitia kwa mwunga mifupa kabla ya kuja, na kama kiganja kiliinuka kabla ya kukandwa na kufungwa banzi. Uliza bila ukali, la sivyo hakuambii.

Chukua mgonjwa mmoja. Kijana wa bodaboda, ameanguka, mvunjiko wa mzunguko theluthi ya chini, ngozi nzima, mapigo yapo. Kifundo 0, vidole 0, dole gumba 0, brakioradialisi 0, traisepsi inakakamaa vizuri. Bonde la dole gumba ganzi. Alikuja moja kwa moja kutoka barabarani, hivyo tunajua neva iliumia palepale. Tulimwekea slabu ya umbo la U, tukapiga picha tena: mfupa umejipanga, pengo hakuna, kupinda ni chini ya digrii 20. Hapa uamuzi ni kusubiri.

Neno "kusubiri" linawaponza wengi, kwa sababu wanamrudisha mgonjwa nyumbani bila mpango. Huyu alipewa kibanzi cha kushikilia kifundo kikiwa kimeinuka digrii 30 hivi, na mama yake akafundishwa kunyoosha vidole na dole gumba kwa mkono wake mara kadhaa kwa siku. Neva inaweza kurudi ikakuta maungio yameganda, na hapo hujamsaidia kitu. Slabu ilitolewa baada ya wiki mbili akavalishwa banzi la plastiki linalobana mkono wa juu na kuacha kiwiko huru.

Tulipima pia umbali kwa utepe: kutoka palipovunjika hadi neva inapoingia brakioradialisi, msuli wa kwanza kurudi, ni sentimita 8. Neva iliyovunjika nyuzi za ndani huku ganda lake likiwa zima huota takriban milimita 1 kwa siku, baada ya kuchelewa kuanza kama mwezi mmoja. Basi milimita 80 ni siku 80, ongeza 30, unapata siku 110, wiki ya 16 hivi. Tarehe hiyo iliandikwa kwenye faili, na mgonjwa akaambiwa. Ikiwa neva ilizimika tu bila nyuzi kuvunjika, itarudi mapema zaidi, ndani ya wiki 6 hadi 12.

Wiki ya 6 hakuna kilichosogea. Nilipogonga taratibu kwa ncha ya kidole kufuata njia ya neva, alisikia shoti kwenye kiganja nilipofika sentimita 1 hivi chini ya palipovunjika. Wiki ya 12 mfupa umeunga, kiganja bado kinaning'inia, na ndugu wameanza kuuliza kwa nini hapasuliwi. Nikagonga tena: shoti imeshuka hadi karibu sentimita 5. Yaani imesafiri sentimita 4 ndani ya wiki 6, kasi ileile ya milimita 1 kwa siku. Kumfungua mtu kama huyu ni kuivuruga neva iliyo njiani. Kama shoti ingebaki palepale kwenye mvunjiko wiki ya 6 na ya 12, na tarehe ya hesabu ikapita bila dalili, ningempeleka afunguliwe. Kipimo cha umeme wa neva na misuli kikipatikana kinasaidia sana, ila kisifanywe kabla ya wiki 3, kwa kuwa nyuzi zilizokatika bado zinaweza kuonekana hai.

Wiki ya 15, kiwiko kikiwa kimekunjwa na dole gumba likiangalia juu, alipojaribu kukikunja zaidi dhidi ya mkono wangu, brakioradialisi ilikakamaa kama uzi mwembamba chini ya ngozi. Kifundo kilifuata, kikiinuka kwa kuegemea upande wa dole gumba. Intani mmoja akaandika kuwa mfupa umeunga kombo. Sivyo: misuli ya upande huo hupata matawi mapema, ya upande wa kidole cha mwisho bado. Dole gumba na kidole cha shahada ndivyo vya mwisho, inaweza kufika miezi 9 au zaidi.

Wapi basi husubiri? Mvunjiko wa wazi: unaenda kusafisha kidonda, itafute neva uione. Jeraha la panga au kisu: iamini imekatika mpaka uthibitishe vinginevyo. Mapigo yamepotea na mshipa wa damu unatengenezwa: jeraha liko wazi tayari. Mfupa unaohitaji sahani kwa sababu nyingine: huwezi kuweka sahani nyuma ya humerasi bila kuijua neva iko wapi. Na ile picha baada ya kuvuta mfupa inayoonyesha pengo lisilofungika, hasa theluthi ya chini, mifupa ikigoma kukutana kana kwamba kuna kitu katikati. Kinaweza kuwa msuli, kinaweza kuwa neva yenyewe. Usiendelee kuvuta. Piga simu.

Kuna swali ambalo hata mabingwa hawakubaliani: kiganja kilichokuwa kinainuka, kikaacha baada ya wewe kuvuta mfupa. Zamani hiyo ilikuwa tiketi ya chumba cha upasuaji moja kwa moja. Siku hizi wengi wetu, mfupa ukiwa umekaa vizuri na hakuna pengo, tunasubiri kama kwa yule wa bodaboda, kwa kuwa wengi wao pia hurudi. Mimi naongeza sharti moja: mkuu wako aambiwe usiku huohuo, si asubuhi kwenye raundi.

Neva isiporudi, mlango haujafungwa, ila muda una maana. Ikikutwa imekatika, kuiunga au kuipandikiza kuna matumaini zaidi ikifanywa ndani ya miezi 6 ya kwanza, kwa kuwa msuli usiopata neva kwa mwaka mmoja na zaidi hauamki tena. Aliyechelewa anahamishiwa kano: pronata teresi inapelekwa kuinua kifundo, kano moja ya kukunja kifundo inanyoosha vidole, palmarisi inanyoosha dole gumba. Upasuaji huo hauna tarehe ya mwisho, lakini unahitaji maungio yanayokunjuka, ndiyo sababu yule mama alifundishwa kunyoosha vidole tangu wiki ya kwanza.